Sikio Linaelekea Wapi?

Saa tano haijafika, Saliha, mteja wetu, ameshanipigia mara tisa. Yuko kwenye mpunga Buterere. Trekta ya mkono ya kooperativi imekwama matopeni: kile chuma kinachoshika rotari, yale majembe yanayozunguka, ubavuni kimekatika. Saa kumi trekta inahamia kwa mtu mwingine, na zamu ikimrudia, miche yake itakuwa imeshazeeka.

"We Twahiru, umelala?"

"Na hiyo sauti yako, dada, nani analala?"

Picha ya chuma aliyonitumia ilikuwa mbele yetu. Mzee Shaabani, mwenye hili duka la vipuri ninapofanya kazi hapa Kamenge, aliweka vyuma viwili juu ya meza, kama pacha wanaotazamana. Kimoja sikio lake refu, ile ncha iliyochomoza, linaelekea kushoto, na kimetoka kiwandani na namba iliyoinuka juu yake, 1081. Cha pili linaelekea kulia: 1082.

Kwenye picha sikio lilielekea kulia, ila namba ilisomeka 1801.

"1801 haiko," mzee akasema. "Kutu imekula. Umbo ni la kulia. Tuma 1082."

Nje Bonfils wa pikipiki alikuwa anapiga honi kama mwenye bibi arusi nyuma. Nikafunga 1082 kwenye gazeti, nikafika mlangoni, nikarudi. Nikatoka. Nikarudi tena.

"We mutoto, una mchwa kwa miguu?"

"Muze, kutu inakula namba. Haihamishi sifuri."

Nikaikuza picha. Nyuma ya chuma kulikuwa na mfuko wa mbolea, na maandishi yake yote yalikwenda kinyumenyume. Nikampigia Saliha.

"Dada, umepiga na kamera gani?"

"Ya mbele! Ya nyuma ilipasuka."

"Ile ya kujipiga mwenyewe?"

"We unataka kunioa ao kunitumia pyesi ya trekta?"

Basi ndiyo hiyo. Simu yake inageuza picha kama kioo. Moja, sifuri na nane hazibadiliki kwenye kioo. Mpangilio tu ndio hugeuka. 1801 ni 1081, na sikio nalo limegeuzwa.

"Shika chuma, namba ikutazame, tundu kubwa chini. Sikio linaelekea mkono gani?"

"Huu wa kulia. Apana! Kushoto, kushoto."

"Sasa pima matundu ya bolti, kati kwa kati." Maana hata vyuma vya namba ileile vinaweza kutobolewa tofauti.

Akaazima rula ya mwanafunzi. Matundu manne, sentimeta nane. Nikapima cha mezani: manne, nane. Bonfils akaondoka na 1081.

Saa sita ikapita. Nilipanga filta, nikazipangua. Nikampigia Saliha, hakupokea. Mzee akanitishia kunifunga kwenye kiti.

Saa saba Bonfils akarudi, matope hadi magotini.

"Imeingia?"

"Bolti zote ine. Nikabaki kuangalia, Saliha akanifukuza. Eti nimesimama pahali hajalima."