Mayai ya Chura Kwenye Kikombe cha Mama

Mama Magesa, jirani yetu hapa Nyahanga, anasema aliona kwa macho yake mawili: mama yangu katapika mayai ya chura. Kikombe kizima, anasema, meupe, yanatetemeka, na kikombe kilipopinduliwa hayakumwagika. Kila akihadithia yanaongezeka. Jumatatu yalikuwa mayai tu. Ijumaa, bombani, moja lilikuwa limeshamkonyeza.

Nilicheka nikaweka ndoo chini, maana kile kikombe nilikoroga mimi.

Mama alitolewa rovu miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo kila asubuhi anameza kidonge kimoja kidogo cha tezi. Mwaka huu tumbo likaanza kufunga. Shadya muuza viungo wa Kahama mjini akamuuzia isabgol, maganda ya mbegu ya kulainisha choo, mepesi kama pumba. Alimwambia aweke kwenye maji mengi. Lakini mama amekulia kwenye dawa za mizizi, na kwetu dawa ya unga hulambwa kiganjani.

"Ukiitia maji umeipunguza nguvu," alisema. Akalamba, akatupia na kidonge hapo hapo, akashushia funda moja. "Ziende pamoja, zikajuane huko."

Siku moja unga ukamkwama kooni, macho yakamtoka. Nilimpiga mgongoni mpaka ukatoka. Ndipo nikamkorogea kwenye kikombe, ila mteja wa vitumbua akaniita. Niliporudi maji yalikuwa yameganda. Nikakipindua kikombe kwa mshangao, na Mama Magesa alikuwa pale kwenye michongoma.

"Yaya!" mama akakataa. "Mimi simezi chura." Akarudi kiganjani.

Ningecheka tu, lakini harusi ya kaka yangu Mayala ilibakiza miezi miwili, na mama ndiye anayewaongoza wanawake kuimba na kucheza bibi harusi anapopokelewa. Hajawahi kukosa harusi ya mtaa huu. Sasa akawa anasinzia akichambua mchele. Uso umemvimba, sauti nzito kama ya baba. Tumbo likazidi kufunga, naye akazidi kulamba. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba safari hii aongoze Mama Magesa. Mama alisikia. Hakula siku hiyo.

Nikampeleka kliniki. Nesi Martina akasoma karatasi ya damu, akakunja uso. "Mama Mayala, kidonge hakitoshi. Au huwa unasahau?"

"Sijasahau hata siku moja!"

Mimi nilikuwa nimemwangalia wiki nyingi. Nikasema, "Shikamoo nesi. Hasahau. Ila anakimeza pamoja na unga wa isabgol. Na anaulamba mkavu."

Nesi akaweka kalamu chini. "Anaulamba?"

Mama akaonyesha kiganja, akapitisha ulimi. Nesi akaziba mdomo, mabega yakamtikisika. Akajikaza.

"Mama, ule unga hunywa maji ukavimba. Ukiwa mkavu utavimbia kooni, utakukaba. Kijiko kimoja cha chai, glasi nzima ya maji, koroga, kunywa papo hapo kabla haujaganda. Kisha glasi nyingine. Na siku ukishindwa kumeza, au kifua kikibana, kimbia hospitali."

"Na ule unga wa kopo wa dukani, wenye ladha ya chungwa?" mama akauliza.

"Huo nao ni ule ule. Sasa sikiliza: unga unakamata kidonge na kutoka nacho, mwili haukipati. Kidonge meza saa kumi na mbili asubuhi kwa maji, tumbo tupu. Unga ngoja masaa manne au zaidi. Dozi siipandishi kwanza. Tutapima tena baada ya wiki sita."

"Kumbe nilikuwa nakisindikiza chooni!" mama akasema. Chumba kizima kikaangua kicheko, hata mzee aliyekuja kwa kuumwa jino.

Tangu siku hiyo kidonge ni alfajiri, jogoo wa Mama Magesa akiwika. Unga ni saa sita mchana, nikiwa nimesimama mbele yake na glasi ya pili. "Malizia, mayu, mama yangu." "Nimekuwa ng'ombe wa kunyweshwa?" "Malizia." Wiki ya kwanza alikwenda kukojoa mara nyingi, akalalamika. Ya tatu choo kikalainika. Ya sita damu ikasomeka vizuri, na asubuhi moja nikamkuta anafagia uwanja huku anakatika kiuno na ufagio.

Siku ya harusi gari la bibi harusi lilipopiga honi, ni mama aliyetoka mbele, vumbi mpaka magotini, sauti yake nyembamba ikakata hewa. Wanawake wote nyuma yake. Nilipiga vigelegele mpaka koo likawasha.

Mama Magesa akanivuta pembeni, nyuma ya masufuria. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akashika tumbo.

"Limi mwanangu," akanong'ona, "siku ya tano leo, sijapata kitu. Yale mayai ya chura... nipe na mimi kidogo."

Mdomo ulinijaa maneno: kwanza nimuulize anatumia dawa gani, na anywe maji kiasi gani. Lakini mama alikuwa ameshanidaka mkono, ananivuta kwenye duara, na ngoma zilikuwa juu.