Ramu Iliyolala Kwenye Bani la Tumbaku

Marcelina alikuwa na jina moja tu la molasi: chakula cha ng'ombe. Mapipa yakishuka stesheni ya Tabora na kuletwa kwenye kiwanda chao kidogo, njia ya Kwihara, alisimama mlangoni mikono kiunoni akauliza ni ng'ombe wangapi wanakuja kula leo. Na kweli wafugaji wa Kisukuma walikuwa wakinunua uji ule mweusi kunyunyizia majani makavu ya mifugo yao. Shemeji yake Wenceslaus aliununua kukenekea ramu, kuuchemsha na kuukusanya mvuke wake.

Kiwanda walikirithi pamoja, Marcelina kutoka kwa marehemu mumewe, Wenceslaus kutoka kwa marehemu kaka yake, na tangu hapo hawakukubaliana hata mahali pa kuweka ufagio. Wenceslaus alichachusha molasi, mabaki ya viwanda vya sukari, sukari ikishatolewa, akayapitisha kwenye mnara mrefu wa chuma, kisha akayachuja kwa mkaa. Ilitoka ramu nyeupe, nyepesi, isiyo na makuu, ya kunywewa na soda. Marcelina alikamua miwa ya akina mama wa mbugani, akachachusha maji yake siku ileile kabla hayajaharibika, akayakeneka polepole kwenye chungu cha shaba.

"Yako ni maji ya majani," Wenceslaus alimwambia. "Mtu anakunywa anadhani kalala shambani."

"Yako haina hata shamba la kulala."

Safari hii maneno yalikuwa na uzito. Levina, mwenye hoteli mpya mjini, alikuwa anakuja kuchagua ramu moja ya kuweka kaunta yake, na kiwanda hakikuwa na mteja mwingine wa maana. Wenceslaus alishasema wazi: Levina akichukua ya molasi, kinu cha kukamulia miwa kitauzwa kwa wauza sharubati wa stendi, na akina mama wa mbugani watafute pengine pa kupeleka miwa yao.

Kwa hiyo kila mmoja alijiandaa kwa siri, na hapo ndipo wote wawili walipojiroga. Tabora nzima inajua kinywaji cheupe kwenye chupa kinaitwa gongo, pombe haramu. Marcelina aliwadharau wanywaji wa mjini mpaka mwisho. Aliamini ukiwapa kitu kisicho na rangi watakuuliza polisi wako wapi. Ile nyeupe yake, nzuri kuliko zote, akaifunika gunia nyuma ya mtambo. Aliyopanga kuonyesha ni ile aliyoiweka miaka mitatu kwenye mapipa ya mwaloni, yaliyochomwa ndani mpaka yakawa meusi, nayo ikatoka na rangi ya chai ya rangi.

Asubuhi, wakati wanapanga meza, alimtegea shemeji yake kitendawili kwa kejeli.

"Kitendawili."

"Tega, tumalize."

"Nimeingia ndani mweupe, nimetoka mwekundu, wala hakuna aliyenipaka."

Wenceslaus akajitia kupangusa bilauri. Jibu ni ramu ndani ya pipa, alilijua fika, na alijua pia kwamba yake ilikuwa imepakwa. Alikuwa ameunguza sukari kwenye sufuria ikawa nyeusi tii, akaimimina kwenye ramu yake changa. Chupa ikapendeza kama asali ya Sikonge.

Levina akafika saa nne. Alikuwa mtu mzima kuliko wote wawili; Marcelina alimpa shikamoo dada, akaitikia marahaba huku macho yako mezani. Hakutaka bilauri. Alitoa mkobani vikombe vidogo vya kahawa, vyeupe nje na buluu iliyokoza ndani, akasema kwenye baa yake rangi imemtia hasara mara nyingi, sasa anaonja asichokiona.

Akaanza na ya Wenceslaus. Aliinusa, akanywa kidogo. Kisha akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba. Vilinata.

"Shemeji wa watu," akasema, "hii inaanza na pipi, inamalizia na sufuria iliyoungua. Katikati hakuna mtu nyumbani."

Marcelina alicheka kwa pua. Alikuwa bado anacheka Levina alipochukua kikombe cha pili, akanywa, akakunja uso. Akanywa tena, kama mtu anayemtafuta jamaa yake kwenye umati.

"Mapipa ya hii yamelala wapi?"

Marcelina akajibu kwa majivuno kwamba yamelala kwenye bani la marehemu baba mkwe, kavu, halivuji, banda lililokuwa likikaushiwa tumbaku miaka nenda rudi.

"Ndiyo hiyo. Pipa linapumua, mama. Nimeonja mbao, nimeonja vanila kidogo, nimeonja tumbaku ya mzee wenu. Miwa sijaiona. Mbona mnasema ni ya miwa?"

Wenceslaus sasa ndiye aliyekuwa anacheka. Marcelina alionja mwenyewe, kwa hasira, akiwa tayari kubisha. Hakubisha. Siku zote alikuwa akiionja huku anaitazama ile rangi nzuri, na moyo wake ukimsomea miwa ambayo haikuwepo. Sasa kwenye kikombe cha buluu alikuta bani tu. Ule ubichi aliokuwa akijivunia, mbao na tumbaku vilikuwa vimeukalia kooni.

Levina alianza kukusanya vikombe vyake. Marcelina aliona kinu kinapakiwa kwenye guta kwenda stendi. Akaenda nyuma ya mtambo, akafunua gunia, akarudi na mtungi. Akamimina.

Levina aliinamia kikombe. Akakaa chini, yeye aliyekuwa ameshasimama.

"Hii ni majani yaliyokatwa sasa hivi. Ndizi mbichi. Udongo ukinyeshewa," akasema, kisha akainua macho. "Kwa nini mmenificha?"

Marcelina akaeleza ile habari ya gongo na wanywaji wasiojua kitu.

"Wasiojua ni nyinyi. Gongo haina chupa yenye stempu ya kodi. Mmewadharau wateja wangu kabla hamjawamiminia hata tone." Akamgeukia Wenceslaus. "Na wewe, yako unayoichuja kwa mkaa, ungeiacha nyeupe ingenifaa kwa soda. Ukaipaka rangi kama bibi harusi wa kukodi."

Akaamua palepale. Ramu ya kaunta itakuwa nyeupe ya maji ya miwa, changa, kila msimu wa miwa. Mapipa yatoke kwenye bani, ndani yake iingie ramu ya molasi, ila si ile ya mnara. Ikenekwe kwenye chungu cha shaba, ibaki nzito. Molasi, alisema, ina utamu ulioungua na tunda kavu ndani yake, mwaloni unaijenga. Ya miwa mbao zile zimeifukia.

Alipoondoka, Marcelina alisimama mlangoni mwa bani akitazama mapipa yake. Kwa hiyo chungu chake cha shaba kitapika chakula cha ng'ombe. Aliitoa ile hasira kwa Wenceslaus, akamwambia mtu aliyepaka ramu rangi asijipe sifa ya kupewa mapipa. Wenceslaus akajibu kwamba aliyeifundisha miwa kuvuta sigara naye anyamaze.

Wakayatoa mapipa kwenye bani wawili, wakisukumana na kulaumiana kila kizingiti. Wakamwaga ile ya tumbaku kwenye tangi, irudiwe kukenekwa. Wakayasuuza kwa maji ya moto mara nyingi, Marcelina akinusa kila pipa na kulirudisha, mpaka shemeji yake akaapa hajawahi kuona pua yenye dharau namna ile.

"Kesho nenda mbugani kabla jua halijachomoza," Marcelina akamwambia. "Miwa ikikamuliwa haikungoji ukinywa chai. Na usije na maneno ya majani, maana ndiyo yamekupa kazi."

Wenceslaus akasema atakwenda, ila kinu atakizungusha yeye mwenyewe. Marcelina akampa mpini wa kinu.