Shimo Lililokosa Kulala

Jumatatu ile fundi mwashi aliondoka asubuhi na mwiko wake kwenda kupandisha ukuta wa darasa. Saa nane mchana wenzake wawili walisimama mlangoni wakiwa wameshika kofia zao mikononi. Kifua kilimbana akiwa juu ya jukwaa, walisema. Walimshusha wakamkimbiza hospitali, lakini roho haikufika. Mkewe, mshonaji, alikuwa na gauni la mteja chini ya sindano ya cherehani. Aliumaliza mshono ule mpaka mwisho ndipo akasimama. Mpaka leo hajui kwa nini.

Siku kumi na moja kabla ya hapo, mumewe alikuwa amemwita nje, nyuma ya choo, kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu.

"Njoo uone, mke wangu. Leo ninabadilisha shimo."

Choo kile alikijenga mwenyewe na alikipenda kupita kiasi. Wageni hawakunywa hata maji kabla ya kuoneshwa. Aliwaonesha sinki la kuchuchumaa na maji kidogo yanayobaki daima kwenye kona ya bomba chini yake. "Maji haya ndiyo mlango," aliwaambia. "Harufu inapanda, inabisha hodi, hapafunguliwi." Na mtu akimwagia maji kwa kudondosha, alimpokonya kopo. "Kwa mkupuo! Humwagilii maua hapa. Lita mbili tu, lakini kwa mkupuo."

Kutoka kwenye sinki bomba lilikwenda mpaka chemba ndogo yenye mfuniko wa zege. Ndani ya chemba njia iligawanyika mara mbili: moja kwenda shimo la upande wa jikoni, nyingine kwenda shimo la upande wa ukuta. Mashimo yote mawili yalijengewa matofali yenye nafasi kati yake, ili maji yanyonywe na ardhi na uchafu ubaki.

"Moja linakula, moja linalala," alisema siku hiyo, akiwa amepiga magoti. Shimo la jikoni lilikuwa limetumika miaka mitatu na limekaribia kujaa. Alizibua njia ya ukutani, kisha akaweka tofali kwenye mdomo wa njia ya jikoni na kulikandika udongo pembeni mpaka tone lisipite. "Sasa hili tunaliacha miaka miwili kamili. Tukilifungua tutakuta udongo mkavu, mweusi, hauna harufu. Utaushika kwa mkono wako huo huo unaoshikia hariri za watu."

"Nishike mavi mimi?"

"Hayatakuwa mavi. Utaona. Tutapandia mipapai."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mambo yao makubwa ya mwisho. Mtu angedhani mume anayekaribia kufa huacha maneno mazito, lakini wa kwake alimwachia shimo.

Msibani nyumba ilijaa watu, na siku ya pili choo kikaziba. Maji yalisimama kwenye sinki, wanawake wakaanza kunong'onezana. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akakunja suruali akaenda nyuma. Baada ya muda mfupi akarudi akinawa mikono. "Nimemaliza. Mtu alitupa kitambaa tu." Mjane alimshukuru kwa kichwa.

Wageni wakaondoka, akabaki na binti yake na mama mkwe. Ukuta wa darasa ulimaliziwa na mafundi wengine. Mashati ya mumewe aliyagawa, kasoro moja. Redio yake iliharibika. Kila alichokiacha kilikwisha au kilimalizwa na mikono mingine, isipokuwa lile shimo, lililokuwa likifanya kazi kimya chini ya mfuniko kama alivyosema. Kila alipopita kwenda jikoni alilisalimu moyoni. Alihesabu miezi kama mwenye mimba. Kuna neno moja la mume wake lilikuwa bado halijatimia, na lilikuwa njiani.

Miaka miwili ilipotimia alimwita mtapishaji wa vyoo, jamaa mcheshi wa mabuti marefu na glavu mpaka kwenye viwiko. Shemeji naye alikuja kusaidia kuinua mfuniko. Mjane alikuwa ameosha ndoo ya kuwekea udongo wa kwanza.

Mfuniko uliposogea, nzi walitoka. Kisha ikaja harufu.

Mtapishaji alichovya fimbo ndefu, akaitoa imeloa. Akaiangalia, akamwangalia mjane. "Mama, uliniambia shimo hili limelala miaka miwili?"

"Miwili na siku kumi."

"Hili halijalala hata usiku mmoja. Limekula mpaka jana."

Walifungua chemba. Njia zote mbili zilikuwa wazi na mbichi. Tofali halikuwepo.

Mjane aligeuka taratibu. "Shemeji. Siku ile choo kilipoziba, ulitoa nini humu?"

"Kitambaa."

"Na nini tena?"

Shemeji alijikuna shingo. "Na tofali. Lilikuwa limeziba mdomo wa bomba, shemeji. Nikadhani kaka alilisahau. Nikasema, mashimo yapo mawili, watu mia, kwa nini moja lishinde na njaa?"

"Ukalisha yote mawili kwa pamoja," mtapishaji alisema, akicheka bila ubaya. "Sasa hakuna lililopumzika. Kila siku unaweka kibichi juu ya kinachotaka kuoza."

Kutoka barazani mama mkwe, ambaye masikio yake hayakuwa na umri, alidakia: "Huyo tangu utotoni mkono wake unafika kabla ya akili!"

Binti alicheka. Mjane aliketi juu ya ndoo aliyoiosha, akaificha sura yake kwenye kanga. Alilia kwa namna ambayo hakulia siku ya mazishi, maana siku ile kulikuwa bado na kitu cha kungoja.

"Nisamehe, shemeji," alisema yule mdogo wa marehemu. "Nilitaka tu kusaidia nyumba ya kaka."

Mtapishaji alisema kwa upole, "Naweza kulitapisha leo leo, mama, nikafukia mbali kule nyuma. Jioni litakuwa tupu."

Tupu. Alilifikiria neno hilo. Choo kingefanya kazi vizuri tu, na asingeona kamwe kile alichoahidiwa.

"Hapana," alisema, akijifuta uso. "La ukutani lina nafasi?"

Mtapishaji alipima kwa fimbo. "Halijafika nusu. Kwa watu watatu linawatosha miaka miwili mingine na zaidi."

"Basi funika hili. Shemeji, lete tofali."

Shemeji alileta tofali na udongo uliokandwa, akataka kupiga magoti. Mjane alimzuia kwa mkono. Alivaa glavu za mtapishaji, zikampwaya, akapiga magoti pale pale alipopiga mumewe, akaliweka tofali kwenye mdomo wa njia ya jikoni na kulikandika pembeni kwa vidole vilivyozoea pindo nyembamba. Binti alimwaga maji ndani, yakatiririka kuelekea ukutani tu. Tone halikupita upande wa pili.

"Kwa sasa hata mimi naogopa kuligusa," shemeji alisema.

"Uogope hivyo hivyo," mama mkwe alijibu.

Maji ya nyumba hiyo yanakwenda shimo la ukutani. Shimo la jikoni litafunguliwa baada ya miaka miwili.