Sura ya Mvua

Sila aliipokea sura yake ikiwa na maoni ya pande mbili, na pande zenyewe zilivutana kama fahali wawili kisimani. Upande wa kulia, kwa penseli, Bibi Loisi, mmisionari aliyesimamia shule, alikuwa ameandika: "Nzuri sana. Ongeza. Nani alifanya, wapi, na kwa maneno gani? Usifiche kitu." Upande wa kushoto, kwa wino, Mzee Bartolomayo, mwalimu mkongwe kuliko wote pale misheni, aliandika maneno mawili tu: "Futa yote."

Haya, mwandishi afanye nini hapo? Aongeze kisha afute?

Sura hiyo ilikuwa ya kitabu cha kusomea watoto wa shule, ikieleza jinsi Wagogo wanavyoomba mvua. Kitabu kilikuwa na kamati ya watu watatu: hao wawili, na mchungaji aliyeiongoza. Kanuni ya mchungaji ilijulikana. Kabla ya kikao, kila mjumbe anasoma rasimu na kuandika maoni yake pembeni. Sura ambayo wajumbe hawakubaliani juu yake inatolewa kitabuni, na biashara imekwisha.

Sila hakutaka itolewe kabisa. Yote aliyoyaandika aliyapata kwa mjomba wake Ndahani, mtaalamu wa mvua kule Zuzu, aliyemlea tangu baba yake alipokufa mwaka wa njaa. Mzee yule hakuzaa mtoto akaishi. Alipomaliza kusimulia alimshika Sila mkono akasema, "Mimi sikuombi ng'ombe wala nguo. Liweke jina langu humo. Nikifa, wapo watakaolisoma." Na Sila alikuwa amelitia, kwenye ukurasa wa kwanza kabisa: Ndahani wa Zuzu.

Jioni hiyo alikaa na karatasi mpya akaanza kuandika sura mbili. Moja nene, ya Bibi. Nyingine nyembamba, ya Mzee, isiyo na mganga wala kondoo mweusi, ina mawingu tu na shukrani kwa Mungu. Mkewe Anyesi, aliyekuwa anasonga ugali wa uwele, alimchungulia begani.

"Mbona unaandika kitu kile kile mara mbili?"

Akamweleza.

"Ala! Na siku ya kikao watakaa vyumba tofauti?"

"Watakaa pamoja."

"Kwa hiyo kila mtu afungue yake, wasome kwa sauti. Mume wangu, una akili wewe, ila leo umeisahau mahali." Akapakua ugali na mlenda. "Mtu akikwambia futa, si umwulize kwa nini? Mdomo umepewa wa kulia mlenda tu?"

Maneno yalimchoma, lakini yalikuwa ya kweli. Sila alikuwa amemwogopa yule mzee aliyemfundisha kusoma, akaona heri kumdanganya kuliko kumwuliza. Sura nyembamba akaitia motoni.

Asubuhi alimkuta Mzee Bartolomayo akiangalia mtama wake, uliokuwa umenyauka majani.

"Mbukwa, mzee."

"Mbukwa, mwanangu. Umekuja kugombana?"

"Nimekuja kuuliza. Unadhani ni dhambi watoto kuyasoma yale?"

Mzee akamkazia macho. "Dhambi? Mimi baba yangu aliomba mvua, na mvua ikanyesha, nami nikala mtama wake nikanenepa. Sijasema dhambi."

"Sasa mbona unataka nifute?"

Mzee akageuka kutazama njia kwanza. "Bibi ana desturi gani kitabu kikitoka?"

Sila akafikiri. "Hupeleka nakala moja Bomani, kwa heshima."

"Haya. Tangu vita vile vya majimaji kule kusini, Mdachi akisikia mganga na maji yake, hapati usingizi. Yule mganga wa upande wa Mpwapwa walimchukua askari akiwa anakoroga uji. Hakurudi. Na wewe umemwandikia Bwana Mkubwa jina la mjomba wako na kijiji chake, kwa mwandiko mzuri niliokufundisha mimi mwenyewe!"

"Kwa nini hukuandika hivyo pembeni?"

"Niandike? Karatasi ile inapita mikononi mwa nani kabla ya kufika kwako? Nikilieleza lile ninaloliogopa, nitakuwa nimewaonyesha Wadachi njia."

Kutoka hapo Sila alikwenda kwa Bibi Loisi, akamwuliza naye kwa upole anautakia nini huo wingi wa habari. Bibi hakuwa mtu mbaya, jamani. Alisema amechoka na vitabu vinavyomfundisha mtoto wa Kigogo kwamba babu zake walikuwa wajinga. Alitaka watoto waone kazi ilivyofanywa, hatua kwa hatua, na watu wenye adabu zao. Sila akatoka amekwisha kujua pa kukata.

Siku ya kikao walikaa ofisini kwa mchungaji, joto likiwa limejaa chumbani. Sila hakujaribu kumficha yeyote. Alisoma maoni ya penseli, akasoma ya wino, kisha akasema, "Yote mawili siwezi kuyatimiza, wala sitachagua moja kwa siri. Ninapendekeza hivi: matendo yabaki yote, tena niyaongeze kama Bibi alivyotaka. Jina la mtu na la kijiji yatoke."

Mchungaji akamgeukia Mzee Bartolomayo. "Hilo linakutosha?"

"Linanitosha."

"Bibi?"

Bibi Loisi alikuwa amekunja uso. "Bila jina inakuwa hadithi ya mtu asiyekuwapo. Yatolewe kwa nini? Nataka sababu."

Mzee Bartolomayo alitazama magoti yake. Sila aliona rasimu mkononi mwa Bibi, jina la mjomba likiwa pale juu, wino mweusi tii. Kusema sababu ni kulipeleka jina Bomani kabla ya kitabu. Kutosema ni kuipoteza sura. Mchungaji alikwisha kushika kalamu ili aikate orodhani.

"Mwenyewe amekataa," Sila akasema. "Mzee aliyenisimulia. Hataki jina lake liandikwe."

Mzee Bartolomayo aliinua uso, kwa kuwa Ugogo nzima ilijua jinsi Ndahani anavyojisifu. Kisha akayarudisha macho magotini.

"Aa," akasema Bibi, na uso ukalainika. "Kama ni matakwa yake, tuyaheshimu." Akamrudishia Sila rasimu, na Sila akaikunja akaitia kifuani. Sura ikapita. Alipofika nyumbani rasimu ile ikaivisha mboga.

Kitabu kilipotoka kiwanda cha chapa, Sila alikichukua mpaka Zuzu. Ndahani alikuwa amewaita majirani, na wakeze wamepika pombe. Macho yake yalikuwa yameshafifia, akakaa kwenye kigoda katikati ya uwanja wa tembe, ngozi mpya begani.

"Nyamazeni," akawaambia. "Mnisikie humo."

Sila akasoma. Kondoo mweusi, kaniki, wanawake wakicheza ngoma ya kuisafisha nchi, yote yalikuwamo kwa utaratibu, na majirani wakaitikia kwa miguno. Alipofika mwisho, mjomba bado alikuwa ameinamisha kichwa, akisubiri.

"Umeruka mahali, mwanangu," akasema. "Soma tena."

Sila akasoma tena, polepole, tangu mstari wa kwanza. Majirani sasa walikuwa wanatazamana.

"Umeruka tena," akasema Ndahani.

Sila akafungua mdomo amwambie, akawatazama watu waliojaa uwanjani, na mmoja wao mkwewe ni askari wa Boma. Akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.