Shanga za Chemchemi

Siku ya tatu baada ya mvua kubwa, Gerson, katibu wa kamati yetu ya maji hapa Mbalizi, alikuja kwangu na watu sita nyuma yake. Hakupiga hodi wala hakunipa shikamoo.

"Mama Hanifa, tasbihi yako iko wapi?"

Ilikuwa imepotea tangu Jumatatu, ile nyeusi aliyoniachia marehemu mume wangu.

"Iko kwenye chemchemi," akasema. "Chura anailinda. Watu hawachoti maji. Uitoe kwa mkono wako, halafu uhame. Wachawi hatuwataki."

Tukateremka wote. Jua lilikuwa kali, lakini bondeni kulikuwa na baridi na hakuna ndege aliyelia. Ndani ya maji, kwenye nyasi, shanga nyeusi zilijipanga kwenye uzi mrefu wa utelezi, mamia kwa mamia. Juu ya jiwe chura alikuwa ametulia anatutazama. Hakuruka. Hata mimi nikasema, audhu billahi.

Mwanangu Hanifa yuko Iringa, anawasaidia watafiti kuhesabu vyura wa msituni. Nikapiga picha nikamtumia. Akanipigia, nikaweka sauti kubwa wote wasikie.

"Mama, picha ina ukungu. Sogea, piga ngozi yake. Na ubavuni, nione miguu."

Nikapiga magoti kwenye tope, nikatuma nyingine.

"Ngozi kavu, vipele vimemjaa. Macho hayakutokeza sana, na nyuma ya macho kuna uvimbe mrefu. Usiuguse, una sumu. Miguu ya nyuma mifupi. Angekuwa chura wa maji angekuwa laini, macho yametokeza, miguu mirefu ya kurukia. Huyu ni wa nchi kavu, Mama, kaja majini kutaga tu. Na hizo shanga ni mayai. Wale wengine mara nyingi hutaga bonge, hawa hutaga kamba."

Gerson akacheka. "Mtoto asimtetee mama yake?"

"Basi subirini siku tatu, baba. Tasbihi haioti mkia."

Wakakubali kungoja. Siku tatu hizo hakuna aliyepita mlangoni kwangu. Nilikaa nikihesabu dhikri kwa vidole.

Siku ya nne tukarudi. Chura hakuwepo. Shanga hazikuwa tena duara, zilikuwa zimerefuka, kila moja na kichwa na kijimkia. Gerson akainama, akanyoosha mkono. Moja ikatikisika. Kisha ya pili. Kisha uzi mzima, kutoka jiwe hadi jiwe, ukawa unatetemeka, na upepo haupo.

"Yesu wangu," mama mmoja akanong'ona.

Gerson akaurudisha mkono, akaufuta kwenye suruali, na wala hakuwa amegusa kitu.

"Shikamoo, Mama Hanifa," akasema.

"Marahaba."

Wanachota maji tena, wakiizunguka ile kamba kwa mbali. Tasbihi yangu bado sijaiona. Kule chini siendi kuitafuta.