Kikombe cha Kila Firimbi

Kru, kru, kru. Jiwe la kusagia lilianza kusema jikoni kabla jogoo hajafumbua jicho. Bibi Mafusi, Nkhono kwa kila mtu, alikuwa amepiga magoti, akisaga mahindi aliyoyakaanga jana hadi yakawa na rangi ya udongo. Alitia chumvi, akatia sukari kidogo, akaonja kwa ncha ya kidole, akaongeza chumvi. Huo unga, lipabi, ndio uliowavusha Basotho milima tangu kale. Hauozi, haulemei bega, na kiganja kimoja kinatosha kupanda kilima.

Puleng, jirani yake, alichungulia mlangoni akiwa tayari ameshavaa sare ya umoja wa wanawake wa kanisa.

"Nkhono, bado unasaga? Ntate Rapitso kasema mwaka huu tunakwenda misheni kwa kufunga. Chakula kibaki nyumbani. Maji tu."

"Yeye afunge mdomo wake. Mimi nafunga mzigo wangu."

Puleng alicheka akiziba mdomo, kisha akamsaidia kufunga: lipabi, karanga za chumvi, mayai ya kuchemsha, machungwa manne, na vipande vya mchuzi mkavu vile vya dukani vilivyofungwa kwa karatasi. Hivyo vya mwisho Mafusi hakuviacha kamwe. Kwa miaka saba alikuwa ameambatana na wageni wa kutembea milimani kama mpishi wao, na alikuwa amejifunza mengi kwa miguu yake.

Walikuwa wanawake ishirini na mmoja, na mwendo wa kilomita thelathini na nne. Ntate Rapitso, mzee wa kanisa, alitangulia na punda wake aliyebeba madumu ya maji. Shingoni alining'iniza firimbi. Alikuwa kiongozi wa kikosi katika migodi ya dhahabu kwa miaka kumi na tisa, na moyoni alikuwa bado hajatoka huko.

"Kule chini," alisema, "kila firimbi, kila mtu kikombe. Hatukungoja kiu. Anayengoja kiu amekwisha chelewa. Na chumvi hapana! Chumvi inapandisha presha, redioni wanasema kila siku."

Firimbi ikalia kila nusu saa. Asubuhi ilikuwa ya mawingu, na upepo wa mlimani ulipenya hadi ndani ya blanketi. Hakuna aliyetoka jasho la maana. Lakini vikombe vilijazwa pomoni, na kazi ya kuvigawa aliifanya Rapitso mwenyewe, kwa mkono wake.

Wanawake wazima walijua la kufanya. Walimeza mafunda mawili, wakamwaga kilichobaki nyuma ya jiwe. Mafusi alinywa alipoona kiu, na katika kila mteremko alitia mdomoni kiganja cha lipabi. Puleng naye aliomba karanga. Hata mke wa katekista, aliyeapa mbele ya watu kwamba amefunga, alikuja na kunong'ona kuhusu yai.

Makarabo peke yake hakumwaga kitu. Alikuwa mke wa mtoto wa Rapitso, ameolewa tangu Pasaka, bado bibi harusi wa kuinamisha macho. Kikombe kikitoka mkononi mwa baba mkwe hupokelewa kwa mikono miwili na kurudishwa kikiwa kitupu. Na kutafuna mbele ya baba mkwe, hilo hata kuliwaza ni aibu. Mafusi alimpenyezea karanga chini ya shali. Msichana akazishika kwa shukrani, akazificha mfukoni.

"Kula, mwanangu."

"Ananiona, Nkhono."

"Basi mwache akuone!"

Makarabo akatikisa kichwa. Mafusi alinyamaza, na kunyamaza huko kulikuja kumuuma siku nyingi. Alikuwa amehesabu vikombe kumi na moja, na aliona jinsi binti yule alivyokuwa akikimbilia nyuma ya mawe kujisaidia kila mara. Aliyaona yote. Ila nani amwambie mzee wa kanisa namna ya kumtunza mkwewe?

Katika kilima cha tatu Makarabo aliketi. Alisema kichwa kinapasuka. Pete yake ilikuwa imezama kwenye nyama ya kidole kana kwamba mkono ni wa mtu mwingine. Akatapika maji meupe. Kisha akamtazama Puleng, mwanamke aliyemsuka nywele juzi, akamuuliza yeye ni nani.

"Jua limempiga," alisema Rapitso. "Mwongezeni maji." Akajaza kikombe.

"Jua lipi?" Mafusi alisema. "Jua lipi, Ntate? Umeliona wapi leo?"

"Nkhono, mimi nimeokoa wanaume kwa kikombe hiki."

Makarabo, kichwa kikiyumba, alikuwa amekwisha kunyoosha mikono miwili.

Hapo Mafusi aliinuka. Alikipokonya kikombe, akakimwaga chini, mbele ya wanawake ishirini. Mtu mmoja alishtuka kwa sauti.

"Wale wanaume walichemka kwenye tumbo la dunia! Walitoka jasho la kujaza ndoo, na wakipanda juu wanakuta sufuria la nyama yenye chumvi. Huyu ametoka jasho gani? Amekula nini? Umemjaza maji kama dumu la punda, na damu yake imekuwa kama uji usiotiwa chumvi! Nilimwona mgeni wangu mmoja akiwa hivi hivi. Alianza kuuliza majina, akaishia kupatwa na degedege. Haongezwi tone la maji!"

"Usinipigie kelele mbele ya—"

"Nitapiga! Nilipaswa kupiga tangu kikombe cha nne!"

Aligeuka na kuwatazama wanawake wenzake pia. "Na ninyi, mlioyamwaga yenu nyuma ya mawe. Na mimi pamoja nanyi. Tulijua, tukamwacha mtoto anywe heshima yetu."

Makarabo alikuwa bado anaweza kumeza, basi Mafusi alivunja vipande vitatu vya mchuzi mkavu katika maji ya nusu kikombe, akakoroga mpaka ukawa mchungu wa chumvi, akamnywesha kidogo kidogo, akimshika kidevu. Mke wa katekista alivua blanketi lake bila kuambiwa, akamfunika. Puleng alikimbilia kijiji cha ng'ambo ya mto, akarudi na mtu mwenye farasi. Rapitso alisimama na firimbi mkononi. Mwishowe ni yeye aliyemwinua mkwewe na kumpandisha, na njia nzima hadi zahanati alitembea kando ya farasi akimshikilia mguu asianguke. Hilo nalo lisemwe.

Muuguzi aliuliza swali moja tu: "Nani kamnywesha maji yote haya?" Akapiga simu, gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya wilaya. Vipimo vya huko vilionyesha chumvi ya damu imeshuka vibaya, wakamtundikia dripu ya chumvi kali, polepole, usiku kucha.

Siku ya tatu Mafusi alikwenda kumwona. Njiani alikutana na watu wawili waliompa pole ya "lile jua kali." Kumbe ndivyo Rapitso alivyosimulia. Hasira ikamrudia upya, akaingia wodini akiwa nayo kifuani.

Rapitso alikuwepo, kofia magotini. Makarabo alikuwa amekaa kitandani, vidole vimerudi kuwa vyake, akitafuna mkate na yai mbele ya baba mkwe wake, taratibu, bila kuinamisha macho.

"Waambie watu ukweli, Ntate," Mafusi alisema kabla ya salamu. "Mwakani kuna wengine watakaopokea kikombe chako."

Rapitso aliiweka kofia kitandani. "Jumapili," alisema. "Kanisani."

"Nitakuwa kiti cha mbele."

Makarabo alimeza, akaufuta mdomo, akamshika bibi mkono.

"Nkhono, wananiweka hapa mpaka Ijumaa. Njoo tena kesho, tafadhali. Njoo tena."