Sindano Nyeupe ya Buba

Mwongeli, jirani, alikalia mapaja ya mtoto, akamshika miguu kwenye vifundo kama mtu anayeshika mbuzi wa kuchinjwa. Wilkister akalichovya gunzi la mahindi kwenye maji ya moto, akaanza kusugua.

"Mama! Mama, unaniua!" Ajwang alipiga kelele hadi sauti ikakatika.

"Sugua, mama Ajwang, usimwonee huruma," Mwongeli alisema. "Ukiihurumia buba, buba haikuhurumii wewe."

Wilkister alisugua. Magamba ya rangi ya asali yaliyoganda yakang'oka, na chini yake nyama nyekundu ikachomoza, yenye vinundu vidogo vilivyobanana, mfano wa yale matunda ya miiba yanayoota kando ya mto Chania, ambayo Wakikuyu huyaita ndare. Damu ikachuruzika hadi kisiginoni. Kisha akachukua mrututu, lile jiwe la buluu alilokwisha kulisaga, akaunyunyiza unga wake juu ya nyama mbichi. Ajwang hakulia tena. Alikodoa macho, akajikojolea, akalegea mikononi mwao.

Ndivyo watu wa kambi ile ya mkonge, nje kidogo ya Thika, walivyoitibu buba. Mama wa Mwongeli alimfanyia hivyo Mwongeli kule Ukambani, na bibi yake alimfanyia mama. Jipu la kwanza, wanaloliita mama wa buba, lilimtoka Ajwang kwenye muundi, pale alipochomwa na ncha ya jani la mkonge. Alikuwa akilala mkeka mmoja na Musau wa Mwongeli, ambaye tayari alikuwa na vidonda, wakikumbatiana kwa baridi kama watoto wa mbwa. Mama wa buba alipona polepole, akaacha kovu, na Wilkister akashukuru Mungu. Miezi ilipopita, watoto wake wakachipuka: magotini, nyuma ya mapaja, hata kwenye nyayo, mpaka msichana akawa anatembea kwa pembe za miguu, kama kuku aliyekanyaga makaa. Usiku alilalamika kwamba mifupa inamuuma. Na kila waliposugua, vilirudi vidonda vingine.

Jumamosi iliyofuata akaja Zacharia, dresa wa serikali, mhudumu wa vidonda na sindano, na sanduku lake juu ya baiskeli. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, wapiganaji wakiwa msituni, na Mkikuyu kuendesha baiskeli peke yake kulitaka ujasiri pamoja na karatasi nyingi. Akatandika kitambaa cheupe juu ya meza karibu na nyaya za kuanikia katani, akachemsha sindano zake kwenye jiko la mafuta ya taa. Musau akawa wa kwanza. Alichomwa tako, akapiga yowe moja, akakimbia.

"Basi?" Mwongeli aliuliza.

"Basi, mama."

"Hata kesho hatarudi?"

"Harudi. Moja inatosha." Zacharia akaigeukia miguu ya Ajwang, akaona ule ubuluu, akafyonya. "Nani amemchoma huyu na mrututu?"

"Mimi," Wilkister akajibu.

"Unachoma ngozi, mama, na mdudu hayuko kwenye ngozi peke yake. Ameshaingia damuni, ameshaingia mpaka kwenye mfupa. Ungemsugua mpaka umfikie mgongo, usingempata." Akakitikisa kichupa. Dawa ilikuwa nyeupe, nzito kama maziwa yaliyokaribia kuganda. "Hii ni penisilini ndani ya mafuta. Mafuta yanakaa kwenye nyama, yanaiachilia kidogo kidogo kwa siku nyingi. Mdudu wa buba ni mvivu, anazaana polepole, na dawa hii hajui kushindana nayo hata kidogo. Kwa hiyo akiamka anaikuta, akiamka tena anaikuta, mpaka anakwisha."

Alikuwa anaivuta dawa kwenye sindano wakati Nicanor, mume wa Wilkister, alipotokea shambani, kisu cha kukatia mkonge mkononi, utomvu umemkaukia mikononi. Alikiona kile kichupa. Akasimama kama aliyeona nyoka.

"Hiyo ni nini?"

"Dawa ya mtoto, baba Ajwang," Wilkister akasema.

"Naijua dawa hiyo!" Teke lake likaibeba meza. Jiko likapinduka, kitambaa kikashika moto, vichupa vikapasuka juu ya mawe na ule weupe ukatapakaa vumbini. "Hiyo ni sindano ya kaswende! Unamchoma binti yangu sindano ya malaya mbele ya kambi nzima?"

Zacharia alijaribu kumshika mkono. Nicanor akampiga na mpini wa kisu juu ya jicho, dresa akaanguka kwa magoti, damu ikamjaa usoni. Watu wakatawanyika. Nicanor akamkamata mkewe kwa kitambaa cha kichwa pamoja na nywele, akamburuta mpaka chumbani, akaufunga mlango wa bati.

"Ulilala na nani?"

"Na wewe tu. Nyasaye ndiye shahidi wangu."

Kofi. "Na nani?" Ngumi. Mdomo wake ukajaa chumvi, na jino moja likamdondokea juu ya ulimi. Okelo, mwanawe wa kunyonya, alikuwa amekaa sakafuni akilia na mikono ameinyoosha. Wilkister akatema jino kiganjani, akamtazama mumewe.

"Mimi sijawahi kuiona dawa hiyo mpaka leo. Wewe uliionea wapi?"

Nicanor akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amekaa Nairobi muda mrefu kabla hajaleta mke Thika. Jibu lote lilikuwa pale usoni pake, na kwa kuwa lilikuwa pale, akampiga zaidi, mpaka Mwongeli na wanawake wengine walipoung'oa mlango kwa mchi.

Kabla dresa hajaondoka, Mwongeli alimfunga kichwa kwa kipande cha leso. "Dawa ya hapa imekwisha," Zacharia alimwambia. "Mwambie mama Ajwang nitakuwa Ruiru Jumatatu, kwenye shamba la kahawa, pale kiwanda cha kuoshea. Aje na mtoto. Na yule mdogo pia, hata kama ngozi yake ni safi. Wanalala pamoja. Mdudu huhamia kwenye mkwaruzo mdogo tu, na mdogo asipochomwa, ataugua, kisha atamrudishia dada yake."

Alfajiri ya Jumatatu Nicanor aliposhika njia ya shambani, Mwongeli alimleta Musau mlangoni, akamwinua shati. "Tazama mwenyewe."

Wilkister akainama. Vidonda vilikuwa vimenywea. Palipokuwa na majimaji pameanza kukauka, na nzi, wale nzi waliomfuata Musau kama mkia, walikuwa wametua ukutani wakimsahau. Wilkister akaingia ndani. Akamfunga Okelo mgongoni, akamfunga Ajwang nyayo kwa matambara, wakaifuata njia ya reli kuelekea Ruiru. Ajwang aliposhindwa kutembea, akambeba mbele, mmoja nyuma mmoja kifuani, mbavu zake zikimchoma kila alipovuta pumzi.

Penye kizuizi cha barabara askari akamsukuma na kitako cha bunduki. "Kipande! Wewe mwanamke wa wapi? Unapeleka chakula msituni?"

"Napeleka mtoto kwa daktari, afande."

"Mwongo!" Akamvuta Ajwang mkono ili amshushe. Matambara yakafunguka. Askari akaona ile nyama nyekundu na magamba, akaruka nyuma akijipangusa mkono kwenye suruali. "Pita! Pita upesi na uchafu wako!"

Wakapita.

Ruiru walikuta mstari mrefu wa wachuma kahawa na watoto wao, harufu ya maganda yaliyooza ikitoka mferejini. Jicho la Zacharia lilikuwa limefumba kama tundu la sindano. Alimtambua Wilkister, akauona mdomo wake uliovimba.

"Mlete."

Ajwang alichomwa. Aliuma kanga ya mamake lakini hakulia. Alikwisha kujua maumivu makubwa kuliko hayo. Wilkister akafungua mgongo, akamtoa Okelo.

Ndipo baiskeli ilipoanguka nyuma yake kwa kishindo. Nicanor alikuwa amekuta chumba kitupu, akawafuata; alikuwa ametapakaa vumbi, kisu cha mkonge mkononi. Wanawake wakapiga mayowe, "Ngai! Ngai!", mstari ukavunjika.

"Mwanangu wa kiume hachomwi!" Akamnyakua Okelo kwa mguu mmoja, mtoto akaning'inia kichwa chini. Wilkister akamrukia, akaukamata mkono wenye kisu. Kisu kikamkata kiganja mpaka kwenye mfupa wa kidole, lakini hakuuachia ule mkono. Akaubamiza kwenye ukingo wa birika la kuoshea kahawa, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka kisu kikatumbukia majini. Mama mmoja mnene akamtwanga Nicanor debe la kahawa shingoni. Akapiga goti, akamkumbatia mtoto kifuani.

"Mpige tena, mama!" wengine wakashangilia. "Mwanaume wa kupigana na vitoto!"

"Mwacheni," Wilkister akasema akihema, damu ikimtiririka kwenye vidole. Akainama karibu na sikio la mumewe, akamwambia kwa Kijaluo, wao wawili tu. "Wewe ulichomwa, ukapona. Unamnyima mwanao kwa nini?"

Nicanor alimtazama dresa. Sauti ilimtoka kama ya mtu mgonjwa. "Daktari. Si mimi niliyempa?"

Zacharia alielewa. Hakucheka. "Si wewe, wala si mkeo. Mdudu wa buba na wa kaswende ni wa ukoo mmoja, ndiyo maana dawa ni moja. Lakini kaswende ni ya kitandani kwa wakubwa, au mtoto huzaliwa nayo. Buba watoto hupeana wakicheza, ngozi kwa ngozi, kidonda kwa mkwaruzo. Binti yako aliipata mkekani."

Nicanor alibaki amepiga goti. Akamlaza Okelo pajani. "Nilidhani ni mimi," akasema. "Nilidhani nimemwambukiza mwanangu."

"Na ukaona unipige mimi," Wilkister akajibu. "Mshike vizuri. Mshike miguu."

Akamshika. Sindano ilipoingia, Okelo alipiga yowe na kumparura baba yake usoni kwa kucha zote. Nicanor hakuukwepesha uso. Kisha Zacharia akamfunga Wilkister kiganja, akachukua kichupa kingine, akawaambia wazazi nao wageuke, kwa sababu nyumba nzima huchomwa pamoja. Wakageuka, mmoja baada ya mwingine, bila kuangaliana.

Wilkister hakurudi Thika. Alibaki Ruiru kwa binamu yake Aoko, akachuma kahawa kwa mkono mmoja huku wa pili ukipona. Magamba ya Ajwang yalikauka, yakadondoka yenyewe kama maganda ya mti, na chini yake ngozi ikatokea nyororo, yenye madoa meupe pale mrututu ulipoila. Okelo hakutokwa na kitu.

Jumapili moja Nicanor alikuja na gunia la viazi vitamu kwenye baiskeli. Wilkister alimpokea mlangoni, Okelo mgongoni. Akamwita Ajwang, akamgeuza huku na huku, akamwonyesha miguu, mbele na nyuma, kisha nyayo.

"Ruka akuone," akamwambia mtoto. Ajwang akaruka, akatua kwa nyayo zote mbili.

Nicanor akataka kuingia. Wilkister aliweka mkono wenye kovu kwenye mhimili wa mlango.

"Umewaona," akasema. "Viazi weka hapo nje."